Mchoro Ulioinamia Kushoto: Kisa cha Magnesiamu na Majaribio Yasiyoonekana

Mwaka 1993 jarida la magonjwa ya moyo la Marekani, Circulation, lilichapisha makala ya Salim Yusuf, Koon Teo na Kent Woods kuhusu kumchoma magnesiamu mishipani mgonjwa aliyepatwa na mshtuko wa moyo. Kichwa chake kiliitaja tiba hiyo kuwa yenye ufanisi, salama, rahisi na ya bei nafuu. Hakikuwa kichwa cha kutia chumvi, kwa kuwa ushahidi uliokuwepo wakati ule ulielekea huko, na chumvi ya magnesiamu ni dawa ambayo hata hospitali maskini inaweza kuimudu.

Miaka miwili baadaye matokeo ya jaribio kubwa lililoitwa ISIS-4 yalitoka katika jarida la Lancet. Wagonjwa walikuwa 58,050, kutoka hospitali zaidi ya elfu moja. Nusu yao walipewa magnesiamu na nusu hawakupewa, kwa kura. Baada ya wiki tano, waliofariki katika kundi la magnesiamu walikuwa 2,216 na katika kundi la pili 2,103. Tiba haikuokoa maisha hata kidogo, na kama kulikuwa na tofauti yoyote, ilielekea upande usiotarajiwa.

Swali likawa zito. Ushahidi wa mwanzo haukutoka kwa mganga mmoja mwenye bahati. Mwaka 1991 Teo na wenzake walikuwa wamekusanya majaribio saba yaliyofanywa na watu mbalimbali katika nchi mbalimbali, wakayaunganisha kwa hesabu. Kazi ya aina hii huitwa uchambuzi wa pamoja: kila jaribio hupewa uzito kulingana na wingi wa taarifa zake, kisha hutafutwa wastani wa yote. Kwa jumla walikuwa wagonjwa 1,301. Kati ya 657 waliopewa magnesiamu walifariki 25, na kati ya 644 wasiopewa walifariki 53. Kwa lugha ya wanatakwimu, uwezekano wa kufa ulipungua kwa asilimia 55. Mwaka uliofuata jaribio la LIMIT-2 la Leicester, Uingereza, lenye wagonjwa 2,316, nalo lilionyesha nafuu, ingawa ndogo zaidi: vifo 90 dhidi ya 118.

Basi majaribio manane yamesema hivi, na moja kubwa kuliko yote kwa pamoja likasema vile. Mwaka huo huo wa 1995, Matthias Egger na George Davey Smith waliandika katika jarida la BMJ kwamba kisa cha magnesiamu kina funzo kwa wote wanaounganisha tafiti, na wakaelekeza macho ya wasomaji kwenye mchoro mmoja rahisi ambao ungeweza kutoa tahadhari mapema. Mchoro huo ni wa faneli.

Wazo lenyewe lilikuwa limeandikwa mwaka 1984 katika kitabu cha Richard Light na David Pillemer, Wamarekani waliohusika na utafiti wa jamii na elimu. Unachukua karatasi na kuchora mistari miwili. Mstari wa chini, unaolala, unaonyesha matokeo ya kila jaribio: katika kisa hiki ni uwiano wa uwezekano wa kufa kati ya waliopewa dawa na wasiopewa. Uwiano wa 1 maana yake dawa haikuleta tofauti. Chini ya 1, yaani kushoto, dawa imepunguza vifo. Juu ya 1, yaani kulia, imeongeza. Vipimo hupangwa ili nusu na maradufu vikae umbali sawa kutoka kwenye 1. Mstari unaosimama unaonyesha uthabiti wa jaribio, na mara nyingi hupimwa kwa kosa sanifu, namba inayoeleza jinsi matokeo yanavyoweza kuyumba kwa bahati tu. Namba hiyo hupangwa kichwa chini: sifuri juu kabisa, makosa makubwa chini. Kwa hiyo majaribio makubwa hukaa kileleni na madogo hukaa chini.

Sasa kila jaribio linakuwa nukta moja. Kama yote yanapima kitu kilekile na yote yamechapishwa, majaribio makubwa yatakusanyika karibu na ukweli, maana bahati haina nafasi kubwa ya kuyasukuma. Madogo yatatawanyika, mengine kushoto, mengine kulia, kwa kiasi kinacholingana. Umbo linalojitokeza ni la faneli ya kumiminia mafuta iliyopinduliwa, mdomo mpana ukiwa chini na shingo nyembamba juu. Wachoraji wengi huongeza mistari miwili ya mshazari inayoshuka kutoka kileleni, na ndani yake zingetarajiwa kuangukia nukta 95 kati ya kila 100 iwapo hakuna kinachozitofautisha isipokuwa bahati.

Tuziweke nukta za magnesiamu. ISIS-4 inakaa juu kabisa, kosa sanifu lake likiwa 0.03 tu, na uwiano wake ni 1.06, kulia kidogo ya mstari wa kutokuwa na tofauti. LIMIT-2 inafuata chini yake, kosa 0.15, uwiano 0.74. Kisha kuna pengo refu hadi kwenye yale saba ya mwanzo. Moja lilikuwa na wagonjwa 270 na vifo 9 dhidi ya 23, uwiano 0.35. Jingine la wagonjwa 298 lilikuwa na vifo 10 dhidi ya 8, uwiano 1.25, na ndilo pekee kati ya saba lililoangukia kulia. La wagonjwa 400 lilitoa vifo 2 dhidi ya 7, uwiano 0.28. La wagonjwa 115 lilitoa kifo 1 dhidi ya 9, uwiano 0.09, mbali sana kushoto. Matatu ya mwisho yalikuwa madogo mno, la mwisho kabisa likiwa na wagonjwa 48 na vifo 1 dhidi ya 3.

Ukiichora faneli hiyo na kuweka kilele chake kwenye ISIS-4, upande wa kushoto wa chini una nukta sita na upande wa kulia una moja. Nukta tatu, zile za wagonjwa 270 na 115 pamoja na LIMIT-2 yenyewe, zinatoka nje ya mistari ya mshazari, zote kwa kushoto. Hata asiyejua takwimu ataona kwamba mchoro umeinama.

Tafsiri ya kwanza inayomjia mtu akiona hivyo ni kwamba kuna majaribio yaliyofichwa. Ina mantiki yake. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Rosenthal aliliita tatizo hili kwa jina la droo ya mafaili: watafiti hufanya kazi, wakikuta matokeo yasiyovutia huyafungia mezani, na majarida hupokea yale yenye habari njema. Daktari aliyefanya jaribio la watu 60 kwa fedha kidogo, na asione tofauti, hana mtu wa kumsukuma alichapishe. Aliyefanya jaribio la watu elfu kumi, kwa fedha za serikali au za kampuni, hawezi kulificha kwa urahisi, maana watu wengi wanalijua. Kwa hiyo kinachopotea ni madogo yenye matokeo mabaya au ya kawaida, na kona ya chini upande mmoja inabaki tupu. Hii ndiyo inayoitwa upendeleo wa uchapishaji.

Lakini tafsiri hiyo inaruka hatua. Mchoro wenyewe unasema jambo moja tu: majaribio madogo yametoa matokeo tofauti na makubwa. Hausemi kwa nini. Wanatakwimu makini siku hizi huita hali hiyo athari ya tafiti ndogo, jina lisilomtuhumu mtu, na sababu zinazoweza kuileta ni zaidi ya moja.

Tuanze na ubora. Jaribio dogo mara nyingi hufanywa na watu wachache wasio na idara ya takwimu nyuma yao. Kura ya kuwagawa wagonjwa inaweza kuwa ya bahasha ambazo daktari anaweza kuzichungulia kwenye mwanga wa taa. Akiona bahasha inayofuata ni ya dawa, na mgonjwa aliye mbele yake yu hoi, anaweza kumsubirisha ampe mwingine mwenye nafuu, wala asijione amefanya kosa. Kundi la dawa linajaa wenye afya zaidi, na dawa inaonekana imefanya muujiza. Hapo hakuna jaribio lililofichwa hata moja. Kila kitu kimechapishwa, ila baadhi ya kilichochapishwa kimepinda, na mchoro utainama vilevile.

Sababu ya pili ni kwamba tofauti inaweza kuwa ya kweli kabisa. Majaribio madogo huenda yaliwahudumia wagonjwa wengine, kwa dozi nyingine, kwa wakati mwingine. Hili ndilo walilolishikilia watetezi wa magnesiamu baada ya 1995, na hoja yao haikuwa ya kubahatisha. Katika LIMIT-2 dawa ilianza kutolewa kabla ya dawa za kuyeyusha damu iliyoganda. Katika ISIS-4 ilitolewa baada yake, na wagonjwa wengi walikuwa wamekaa saa kadhaa tangu maumivu yaanze. Ikiwa kazi ya magnesiamu ni kuukinga msuli wa moyo pale damu inaporudi kwa kishindo, basi kuitoa damu ikiwa imesharudi ni kuchelewa. Kwa mtazamo huo, mchoro uliinama kwa sababu ISIS-4 iliuliza swali jingine. Faneli haiwezi kuamua kati ya hoja hiyo na ile ya droo ya mafaili, kwa kuwa zote mbili zinatoa picha ileile.

Iliamuliwa kwa njia nyingine, yaani kwa kufanya jaribio lenyewe. Jaribio la MAGIC lililochapishwa mwaka 2002 lilichukua wagonjwa 6,213 waliokuwa katika hatari kubwa, likawapa magnesiamu au dawa bandia ndani ya saa sita tangu maumivu yaanze, mapema kama watetezi walivyotaka. Baada ya siku 30 walikuwa wamefariki 475 katika kundi la magnesiamu na 472 katika kundi la dawa bandia. Hoja ya wakati ilipimwa kwa haki, na haikusimama.

(Ni vyema kusema hapa kwamba hadithi hii inahusu mshtuko wa moyo tu. Magnesiamu salfeti wanayoijua wakunga na madaktari wa Tanzania, Kenya na Uganda kwa ajili ya kifafa cha mimba imethibitishwa na majaribio makubwa, na inaokoa akina mama. Dawa moja inaweza kushindwa kwenye moyo na kufaulu kwenye uzazi.)

Sababu ya tatu ni ya kihesabu, na ndiyo inayowapita hata watafiti wengi. Katika mchoro wa uwiano wa vifo, mahali jaribio linapokaa juu au chini hapategemei wingi wa wagonjwa peke yake. Panategemea pia idadi ya vifo, na idadi ya vifo ndiyo hiyo hiyo inayoamua kama nukta iko kushoto au kulia. Mihimili miwili ya mchoro haiko huru.

Chukua lile jaribio la wagonjwa 115 lenye kifo 1 kati ya 59 waliopewa dawa na vifo 9 kati ya 56 wasiopewa. Kosa sanifu hupatikana kwa kugawanya 1 kwa kila moja ya namba nne, yaani waliokufa na waliopona katika kila kundi, kujumlisha, kisha kutafuta kipeuo cha pili:

```
sqrt(1/1 + 1/58 + 1/9 + 1/47) = 1.07
```

Tazama kipande cha kwanza, 1/1. Karibu kosa lote linatoka kwenye kile kifo kimoja. Sasa jaalia bahati ingekuwa nyingine, na katika kundi la dawa wangekufa 5 badala ya 1, wagonjwa wakiwa walewale 115:

```
sqrt(1/5 + 1/54 + 1/9 + 1/47) = 0.59
```

Kosa limeshuka karibu nusu, na uwiano umehama kutoka 0.09 hadi 0.48. Nukta imesogea kulia na, kwa wakati uleule, imepanda juu. Jaribio halikukua kwa mgonjwa hata mmoja. Maana yake ni kwamba matokeo yanayoangukia mbali kushoto kwa bahati hujivuta yenyewe kwenda chini, na mchoro unaweza kuinama kidogo hata kama hakuna aliyeficha wala aliyekosea chochote. Tatizo hili huzidi pale dawa inapoonekana kuwa na nguvu sana na matukio yanapokuwa machache. Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka 2006 wanatakwimu wametoa vipimo vilivyorekebishwa kwa ajili ya uwiano wa namna hii, na baadhi ya wachambuzi huweka idadi ya wagonjwa kwenye mstari unaosimama badala ya kosa sanifu.

Na ya nne ni bahati tupu. Nukta saba zinaweza kuangukia sita kushoto na moja kulia bila sababu yoyote. Mwongozo uliochapishwa katika BMJ mwaka 2011 na kundi la wataalamu wakiongozwa na Jonathan Sterne unashauri kutotumia vipimo vya kuinama kwa faneli ikiwa majaribio hayafiki kumi. Kwa kipimo hicho, uchambuzi wa 1991 wenye majaribio saba haukuwa na haki ya kuapa kwa mchoro, uwe umeinama au umesimama. Kilichowezekana kuonekana mwaka 1991 ni tahadhari tu: majaribio yote yalikuwa madogo, kileleni hapakuwa na kitu, na vifo vyote vilikuwa 78. Faneli isiyo na kilele haionyeshi ukweli uko wapi.

Jicho nalo haliaminiki. Mwaka 2005 Norma Terrin na wenzake waliwaonyesha watafiti wa tiba 41 michoro ya faneli na kuwauliza ipi ina upendeleo wa uchapishaji. Majibu sahihi yalizidi nusu kwa kiasi kidogo tu, karibu sawa na kurusha shilingi. Ndiyo maana mwaka 1997 Egger, Davey Smith na wenzao wawili walitoa kipimo cha hesabu ambacho hadi leo kinaitwa kipimo cha Egger. Kinapitisha mstari kwenye nukta na kuuliza kama matokeo yanabadilika kadiri kosa sanifu linavyokua. Walipokilinganisha na hali halisi, walichukua jozi nane za uchambuzi wa pamoja na jaribio kubwa lililofuata. Katika jozi nne zilizopingana, tatu zilikuwa na faneli iliyoinama. Katika nne zilizokubaliana, hakuna hata moja. Ni ushahidi mzuri kwamba mwinamo ni ishara ya hatari. Hata hivyo kipimo hiki kinapima mwinamo wenyewe tu. Kikitoa jibu la ndiyo, sababu zote nne bado ziko mezani, na kikitoa jibu la hapana kwenye majaribio machache, huenda hakikuwa na nguvu ya kuona.

Kuna njia ya kuubana mchoro useme zaidi kidogo. Mwaka 2008 Jaime Peters na wenzake walipendekeza kutia rangi maeneo ya faneli kulingana na jinsi matokeo yanavyopita au kutopita kizingiti cha takwimu, kile cha asilimia 5 ambacho wengi hukitumia kusema kwamba matokeo yana uzito. Kizingiti hupimwa kutoka kwenye uwiano wa 1, si kutoka katikati ya nukta. Kisha mtu anauliza: pengo liko kwenye rangi gani? Ikiwa nukta zinazokosekana zingeangukia katika eneo lisilopita kizingiti, dhana ya kufichwa inapata nguvu, maana hayo ndiyo matokeo yasiyovutia majarida. Ikiwa zingeangukia katika eneo linalopita, yaani matokeo ambayo mtu angekimbilia kuyachapisha, basi itafutwe sababu nyingine.

Ukiifanya kazi hiyo kwa magnesiamu, jambo la kushangaza linajitokeza. Kati ya majaribio saba ya mwanzo ni mawili tu yaliyopita kizingiti, lile la vifo 9 dhidi ya 23 na lile la kifo 1 dhidi ya 9. Matano mengine hayakupita, na yalichapishwa vilevile. Kwa hiyo hadithi nyepesi ya kwamba majarida yalichuja kwa kizingiti haiingii sawasawa. Inawezekana kulikuwa na majaribio mengine madogo yaliyoegemea kulia na hayakutoka. Inawezekana ubora ulikuwa hafifu. Na bahati inaweza kuwa ilichangia yake. Mwandishi anayesema leo kwamba magnesiamu iliangushwa na upendeleo wa uchapishaji anasema zaidi ya anachokijua. Kilicho hakika ni kwamba majaribio madogo yalitia chumvi.

Mwinamo una madhara mengine ambayo hujificha ndani ya hesabu ya wastani. Zipo njia mbili kuu za kuunganisha majaribio. Ya kwanza inachukulia kwamba yote yanapima athari moja, na inatoa uzito kwa uthabiti tu. Ukiunganisha majaribio yote tisa kwa njia hiyo, ISIS-4 inachukua asilimia 94 ya uzito, na jibu ni uwiano wa takriban 1.03: hakuna faida. Ya pili inakubali kwamba athari ya kweli inaweza kutofautiana kati ya jaribio na jaribio, na kwa sababu hiyo inasawazisha uzito. Kwa njia hii ISIS-4 inabaki na theluthi moja hivi, majaribio madogo yanapanda, na jibu linakuwa takriban 0.68. Kwa takwimu zilezile za wagonjwa walewale, njia moja inasema dawa haifai na nyingine inaashiria inapunguza uwezekano wa kufa kwa karibu theluthi. Njia ya pili ni nzuri na inatumika kila siku, na wengi huichukulia kuwa ya tahadhari zaidi. Lakini faneli ikiwa imeinama, inawapa sauti kubwa hao hao wanaotiliwa shaka. Mchambuzi akiona majibu ya njia hizi mbili yameachana hivi, anapaswa kuyaweka yote mawili mbele ya msomaji na kueleza ni majaribio gani yanayoyavuta.

Kinyume chake pia kina mtego. Faneli iliyosimama wima haimsafishi mtu. Mwaka 2008 Erick Turner na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine uchunguzi wa dawa za sonona. Hawakuanza na majarida. Walianza na mafaili ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, ambako kampuni hulazimika kupeleka majaribio kabla ya kuruhusiwa kuuza. Walikuta majaribio 74. Mamlaka iliona 38 kuwa yameonyesha dawa inafanya kazi, na 37 kati ya hayo yalichapishwa. Yaliyobaki 36 yalikuwa na matokeo mabaya au ya shaka: 22 hayakuchapishwa kabisa, 3 yalichapishwa yakisema ukweli huo, na 11 yalichapishwa kwa namna iliyoyafanya yaonekane mazuri. Aliyesoma majarida peke yake aliona kwamba asilimia 94 ya majaribio yalifaulu. Mafaili yalisema 51.

Hayo 11 ndiyo yanayoipa faneli taabu. Jaribio ambalo matokeo yake yamebadilishwa sura halikosekani kwenye mchoro. Limo, nukta yake iko pale, ila imesogezwa. Na upendeleo ukiyapiga majaribio ya ukubwa wote kwa kiasi kinachofanana, faneli nzima inahamia upande mmoja ikiwa bado imenyooka. Hakuna pengo la kuliona. Hata njia ya kujaza, ambayo Sue Duval na Richard Tweedie waliitoa mwaka 2000 na ambayo hukadiria nukta zinazokosekana na kuzichora upande wa pili, haina cha kujaza mahali pasipo na pengo. Na pale penye pengo, inajaza kwa kudhani kwamba sababu ya mwinamo ni kufichwa. Namba inayotoka humo inafaa kuonyesha jinsi hitimisho linavyoweza kuyumba, na haifai kuripotiwa kama jibu lililosahihishwa.

Kwa hiyo katika ripoti nzuri aya inayohusu faneli huwa fupi na yenye kiasi. Inataja idadi ya majaribio na kama yanatosha kupimwa. Inataja kipimo kilichotumika na kwa nini kinafaa kwa aina ile ya matokeo. Inasema kama madogo yanatofautiana na makubwa, kisha inapitia sababu moja baada ya nyingine kwa kutazama mambo yaliyo nje ya mchoro: je, majaribio yenye kura iliyofichwa vizuri yanatoa jibu sawa na yasiyo nayo? Je, dozi, wakati na hali ya wagonjwa vinafuatana na ukubwa wa jaribio? Ukibakiza makubwa peke yake, hitimisho linabaki?

Swali la majaribio yaliyofichwa hujibiwa mahali pengine kabisa, kwenye rejista. Mwaka 2005 wahariri wa majarida makubwa ya tiba duniani walianza kukataa majaribio ambayo hayakuandikishwa hadharani kabla ya kuanza. Afrika ina rejista yake, inayoendeshwa kutoka Cape Town na kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani, na majaribio ya Afrika Mashariki huandikishwa humo au katika rejista nyingine za kimataifa. Mchambuzi anaweza kuingia, kutafuta dawa na ugonjwa, na kuorodhesha kila jaribio lililosajiliwa. Kisha analinganisha: lipi lilimalizika miaka mingi iliyopita na bado halijachapishwa, na katika yaliyochapishwa, lipi lilisajili vifo kuwa kipimo chake kikuu kisha likaja kuripoti kitu kingine. Kazi hiyo huchukua siku nyingi kuliko kuchora faneli, na kila jaribio lililokosekana analipata kwa jina, tarehe na idadi ya wagonjwa waliokubali kushiriki.